Hisa Zilizotoweka NSE Nazo Zihesabiwe

Ukichukua orodha ya hisa zinazouzwa leo katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE), ukatafuta bei zake tangu 2012 na kuupima mkakati wako humo, jaribio limeharibika kabla hujaandika kanuni hata moja. Mnunuzi wa 2012 hakujua ni kampuni zipi zingefika leo, ilhali orodha yako inajua. ARM Cement haimo, Mumias haimo, KenolKobil haimo. Huu ndio upendeleo wa walionusurika.

Mkakati wa kushikilia kampuni kubwa huumia kidogo tu. Unaoumia vibaya ni ule wa kununua hisa zilizoporomoka, nao ndio unaopendwa sana. Tuseme kila Januari unanunua hisa tano zilizoshuka zaidi mwaka uliopita. Mumias ilikuwa ikiteremka kwa miaka kadhaa kabla ya kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, kwa hiyo ni hisa ya aina hiyohiyo ambayo kanuni yako ingeivizia. Lakini kwenye orodha ya leo, kila hisa iliyowahi kuporomoka ni ile ambayo haikuzama kabisa. Jaribio litakwambia kwamba kununua kilichoanguka hulipa, kwa sababu tu waliozama walitolewa kwanza.

Tazama hesabu ya kubuni. Umenunua hisa kumi, kila moja kwa Sh100,000. Baada ya miaka kadhaa nane zimebaki sokoni, kila moja ikiwa na faida ya asilimia 20. Ya tisa imefilisika bila mwenye hisa kupata kitu. Ya kumi imenunuliwa na kampuni nyingine kwa bei iliyokupa faida ya asilimia 50. Orodha ya leo inaziona nane tu, nayo inasema umepata asilimia 20. Ukweli ni Sh960,000 za zile nane, sufuri ya ile ya tisa, na Sh150,000 za ile ya kumi. Jumla Sh1,110,000, yaani asilimia 11.

Wengi wakishagundua tatizo hukosea upande wa pili: huipa kila hisa iliyotoweka hasara ya asilimia 100. Katika mfano wetu wangebaki na Sh960,000, hasara ya asilimia 4, ambayo nayo ni uongo. Kutoka sokoni si kufa. KenolKobil iliondoka mwaka 2019 baada ya Rubis ya Ufaransa kulipa Sh23 kwa kila hisa. Mwaka huohuo KCB iliichukua National Bank kwa kubadilishana hisa: kumi za National kwa moja ya KCB. Kwa hiyo kila kampuni iliyotoka iandikie sababu na malipo ya mwisho: fedha taslimu, hisa za mnunuzi, au sufuri.

Orodha yenyewe huna budi kuijenga kwa mkono. Tafuta orodha za bei za NSE za kila mwisho wa Desemba, au kurasa za bei katika magazeti ya zamani, kisha linganisha mwaka na mwaka. Jina likipotea, tafuta tangazo lililoeleza sababu. Jihadhari na waliobadili jina tu: Barclays Bank of Kenya ilipogeuka Absa mwaka 2020, msimbo wake ulitoka `BBK` ukawa `ABSA`, na programu isiyojua hilo itamzika mtu aliye hai. Ukishakuwa na tarehe za kuanza na kutoka, kila siku ya jaribio chagua hivi:

```python
wapo = orodha[(orodha.kuanza <= siku) &
              (orodha.kutoka.isna() | (orodha.kutoka > siku))]
```

Kisha hesabu `len(wapo)` kwa kila mwaka. Idadi ikipanda tu bila kushuka hata mara moja kwa miaka kumi, bado una orodha ya walionusurika, hata kama aliyekuuzia data amekuhakikishia vingine.

Zilizosimamishwa kwa muda ndizo ngumu zaidi, na hapa Nairobi hazikwepeki. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 ikarudi Januari 2025. Kampuni ya maduka ya Uchumi ilisimamishwa 2006 ikarudi 2011. Programu nyingi hujaza pengo kwa kurudia bei ya mwisho, na hapo mkakati wako utajiona unaiuza hisa hiyo wakati wowote, bei ikiwa tulivu kabisa. Zuia mauzo yote katika kipindi hicho, na fedha hizo zihesabu kuwa zimefungwa: haziwezi kununua kitu kingine. Kwa thamani ya hisa hiyo wakati imesimamishwa napendelea kufanya jaribio mara mbili, kwanza hisa iliyosimamishwa ikiwa na bei yake ya mwisho, kisha ikiwa na sufuri. Mkakati unaopata faida katika jaribio la kwanza pekee, mimi singeuwekea shilingi.