Kumsaidia msomaji anayetafuta "gesi Kivu": namna alama ya "inafaa" inavyobadilisha utafutaji

Mwanafunzi wa Goma anaingia kwenye hifadhi ya hati za kidijitali na kuandika maneno mawili: gesi Kivu. Anachotaka ni habari za mazuku, ile mifuko ya kaboni dioksidi ambayo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya kwenye mabonde ya huku Goma na Sake, na huua watu na mifugo. Juu ya orodha anaona ripoti ya methani ya ziwani inayozalisha umeme. Mfumo haujakosea, kwa kuwa ripoti hiyo kweli inataja gesi na Kivu. Kasoro ni kwamba maneno mawili hayatoshi kueleza anachotaka, na pengine yeye mwenyewe bado hajui ni neno gani angeongeza.

Hapo ndipo mrejesho wa msomaji unapofanya kazi. Anasoma matokeo machache ya juu, anaweka alama kwenye yanayofaa na yasiyofaa, kisha mfumo unaandika upya ulizo lake. Kanuni inayojulikana zaidi ni ya Rocchio, iliyotokana na mfumo wa utafutaji wa SMART wa Gerard Salton na kuchapishwa mwaka 1971. Kila hati huhesabiwa kama orodha ya maneno yenye uzito, na ulizo vilevile. Ulizo jipya hupatikana hivi:

```
q_mpya = 1·q + 0.75·wastani(zinazofaa) − 0.15·wastani(zisizofaa)
```

Tufanye hesabu. Ili mfano uwe mfupi, uzito wa neno uwe ni idadi ya mara linapotokea. Ulizo la kwanza ni gesi 1, Kivu 1. Msomaji anaweka alama ya "inafaa" kwenye hati mbili: A ina gesi 2, mazuku 4, bonde 2, B ina gesi 2, mazuku 2, Kivu 2. Anakataa hati C, ile ya methani, yenye gesi 2, Kivu 2, umeme 6.

Wastani wa A na B ni gesi 2, mazuku 3, Kivu 1, bonde 1. Gesi katika ulizo jipya inakuwa 1 + 1.5 − 0.3, yaani 2.2. Kivu inapata 1.45, mazuku 2.25, bonde 0.75. Umeme unashuka hadi −0.9, na desturi ni kufanya uzito wowote ulio chini ya sifuri kuwa 0.

Sasa chukua hati D, ambayo haina "gesi" wala "Kivu", ila ina mazuku 3 na bonde 2. Alama ya hati hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kila neno katika ulizo na uzito wake katika hati, kisha kujumlisha. Kwa ulizo la kwanza D ilipata alama 0, huku C ikipata 4. Kwa ulizo jipya D inapata 8.25 na C 7.3. Hati ambayo haikuonekana kabisa imepita ile iliyokuwa ikisumbua. Kwetu kuna faida nyingine: ripoti za Kifaransa nazo huandika "mazuku" vilevile, kwa hiyo ulizo la Kiswahili linaanza kuzifikia bila tafsiri.

Mbona zisizofaa zinapewa 0.15 tu? Hati zinazofaa hufanana, lakini zisizofaa hutofautiana kila moja kwa njia yake. Tena C ina "gesi" na "Kivu", maneno tunayoyahitaji. Ukiikataa kwa nguvu nyingi, unayakata na hayo.

Kinachoharibu mara nyingi ni hati ndefu. Msomaji akikubali ripoti ya mwaka yenye kurasa 90 kwa sababu ukurasa mmoja unazungumzia mazuku, maneno kama "bajeti" na "wafanyakazi" huingia kwenye ulizo, na raundi inayofuata hujaa ripoti za fedha. Dawa ni kugawa hati kwa kurasa kabla ya kuzifanyia faharasa, kurekebisha uzito kwa urefu wa hati, na kupunguza thamani ya maneno yaliyo karibu kila mahali. Ongeza pia maneno machache tu yenye uzito mkubwa, na umwonyeshe msomaji orodha yake ili afute lisilohusika. Orodha hiyo ndiyo njia ya haraka ya kugundua kwamba ulizo limepotea njia.

Kuna hali ambayo kanuni hii haisaidii. Kama katika matokeo ya kwanza hakuna hata hati moja inayofaa, hakuna cha kujifunza. Msomaji abadilishe maneno kwanza. Na kama hati moja iliyokubaliwa inahusu mazuku na nyingine inahusu gesi ya kupikia, wastani wao hauwakilishi yoyote kati ya hizo. Bora kufanya maulizo mawili.

Wanaopima mfumo wajihadhari na udanganyifu mmoja. Hati zilizowekewa alama ya kukubaliwa zitapanda juu raundi ya pili karibu kila mara, na matokeo yataonekana mazuri mno. Ondoa kwanza hati zote ambazo msomaji ameshaziona, katika orodha ya zamani na katika mpya, ndipo uhesabu ngapi zinafaa kati ya 10 za juu zilizobaki.