Mtoto wa chini ya mwaka akisakamwa: mgongoni mara 5, kifuani mara 5

Mwanangu ana miezi 9. Jumapili aliokota karanga sakafuni, mara nikamwona anatoa macho, mdomo wazi, sauti hakuna. Mama mkwe akampuliza utosini, mimi nikaingiza kidole. Ilitoka. Je, tulifanya sawa? (Mama, Mbagala)

Pole sana, mama. Nashukuru mtoto yuko salama, lakini kidole kile kingeweza kuwaponza. Karanga ni ngumu, inateleza, na koo la mtoto ni jembamba mno. Bomba lake la hewa halizidi sana unene wa kidole chake kidogo cha mwisho. Kidole cha mtu mzima kikipapasa gizani humo, mara nyingi husukuma kitu chini zaidi na kuziba hata ile nafasi ndogo iliyokuwa ikipitisha hewa. Ingiza kidole tu kama unakiona kitu kwa macho yako na unaweza kukinasa. Kumpuliza utosini hakumdhuru mtoto, ila hakutoi kitu, na kunakula sekunde ambazo hamna.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Kuna kupaliwa na kuna kusakamwa. Aliyepaliwa na uji au maziwa anakohoa kwa nguvu, analia, uso unakuwa mwekundu. Huyo hewa inapita, na kikohozi chake kina nguvu kuliko chochote utakachomfanyia. Mkalishe, mwache akohoe, usimpige mgongoni, usimpe maji, na usimwondolee macho. Aliyesakamwa hana sauti. Hawezi kulia, kikohozi ni cha kimyakimya au hakipo, midomo na kucha zinaanza kuwa za bluu au kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, tazama ndani ya midomo na ulimi, rangi huonekana hapo mapema. Mwanao, kwa ulivyomweleza, alikuwa amesakamwa.

Sasa nilipaswa kufanya nini? Nieleze taratibu, maana nilichanganyikiwa.

Turudi Jumapili ileile. Umemwona hana sauti. Piga kelele jirani aje, lakini mikono yako isisubiri. Kaa kwenye kiti au kigoda. Mlaze mtoto kifudifudi juu ya mkono wako, miguu yake ikipanda upande wa kiwiko chako, na mkono wako ukiegemea paja. Vidole vyako vishike taya lake pande mbili, visikandamize koo. Kichwa kiwe chini kuliko makalio. Wengi wanakosea hapo: wanampiga mtoto akiwa wima begani, na kitu kinarudi chini kwa uzito wake.

Kwa kitako cha kiganja, yaani ile sehemu nene inayoungana na kifundo cha mkono, mpige katikati ya mabega mara 5. Kila pigo liwe la kumtikisa kweli, si kumbembeleza kama unayemcheulisha. Kila pigo peke yake linaweza kukitoa kitu, kwa hiyo angalia. Kikitoka kwa pigo la 2, acha.

Hakijatoka? Mshike kisogo kwa mkono wa pili, mgeuze chali juu ya paja lako, kichwa bado kikiwa chini. Tafuta mfupa wa katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Mkandamize hapo mara 5 kwa kitako cha kiganja kimoja, kwa mshindo, kina cha kama theluthi ya unene wa kifua chake, ambacho ni karibu sentimita 4. Waliofundishwa miaka ya nyuma waliambiwa watumie vidole viwili. Mafunzo ya sasa yanapendelea kitako cha kiganja kwa sababu vidole huchoka na havifiki kina. Unachofanya ni kubana mapafu ili hewa iliyobaki ndani ikisukume kitu nje.

Kisha mgeuze tena, mgongoni 5, kifuani 5, bila kupumzika, mpaka kitoke, alie, au alegee.

Mume wangu anasema wangembana tumbo kama alivyoona kwenye simu.

Kwa mkubwa na kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, sawa. Kwa huyu wa miezi 9, hapana kabisa. Ini la mtoto mchanga ni kubwa kwa mwili wake na limejitokeza chini ya mbavu. Ukimbana tumbo unaweza kulipasua. Wala asining'inizwe kwa miguu na kutikiswa.

Na akizimia mikononi mwangu?

Hapo mapigo ya mgongoni yanakwisha. Mlaze chali mahali pagumu, hata sakafuni. Mkandamize kifua palepale mara 30, haraka, kama mara 2 kwa sekunde. Kisha inua kidevu kidogo, chungulia mdomoni. Ukikiona kitu, kitoe. Usipokiona, usipapase. Funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, umpulizie pumzi 2 fupi, kiasi cha kuona kifua kikipanda. Rudia. Jirani ndiye atafute usafiri, iwe bajaji au gari la mtu, na wewe uendelee hata mkiwa njiani. Foleni za Kilwa Road tunazijua. Mtoto asiyepumua hawezi kungoja mfike ndipo aanze kusaidiwa.

Tangu siku ile anakohoakohoa usiku. Nimempa dawa ya kifua. Inatosha?

Haitoshi, mama. Mpeleke hospitali leo. Huenda kilichotoka ni kipande, na kingine kimeteremka kwenye tawi la pafu. Karanga ina mafuta yanayochoma njia ya hewa, basi panavimba, mtoto anakohoa, anatoa mlio wa filimbi akipumua, baadaye homa. Nimeona watoto wakitibiwa nimonia mara mbili, mara tatu, kumbe ni punje. Picha ya eksirei inaweza kutoka safi kwa sababu karanga haionekani kama sarafu. Kwa hiyo neno lenye thamani kuliko picha ni lako. Mwambie daktari: "Alisakamwa na karanga Jumapili." Asiposikia hilo, hatalifikiria. Wakishuku, atapelekwa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo, waingize kifaa chenye kamera na kukitoa. Hata asingekohoa, mtoto aliyekandamizwa kifua lazima apimwe.

Basi nimnyime karanga?

Usimnyime, msagie. Kijiko cha karanga zilizosagwa laini ndani ya uji ni chakula kizuri. Punje nzima ngoja mpaka atimize miaka 5, sawa na bisi, korosho na peremende. Kinachosakama ni kitu cha duara, kigumu, au kinachoteleza, chenye ukubwa wa kuziba bomba lile. Zabibu ikate kwa urefu vipande vinne. Soseji pia ikate kwa urefu, maana ukiikata kwa upana unapata vizibo vya duara. Karoti ichemshe mpaka ipondeke kwa vidole. Samaki mchambue kwa vidole vyako, si kwa uma, mwiba utausikia.

Kwa nyumba za Dar ninaogopa zaidi ubuyu. Kaka yake anatoka shuleni na kifuko cha ubuyu mwekundu, anaunyonya, mbegu anaitema kwenye mkeka. Mbegu ile ni ngumu, laini, na mate yameifanya iteleze. Mtoto anayetambaa ataifikia kabla yako. Mpe kaka kikombe cha kutemea, na fagia mkeka kabla ya kumshusha mdogo.