Mkojo hauchomi, dawa ya nini?

“Mimba ina wiki 14, mkojo hauchomi, sina homa. Mbona nimeandikiwa dawa?”

Kwa asiye mjamzito, mara nyingi bakteria wa kwenye mkojo wasioleta dalili huachwa tu. Mimba hubadili mambo: homoni ya projesteroni hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mji wa mimba huibana, hasa mrija wa kulia. Mkojo hutuama, bakteria hupanda. Maumivu si kipimo. Mkojo ukioteshwa maabara na kuonyesha bakteria 100,000 au zaidi kwa mililita moja, hutibiwa kwa antibiotiki salama kwa mimba, kwa kawaida siku 4 hadi 7, kisha huoteshwa tena. Bakteria wakishafika kwenye figo, huja homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni na kutapika. Hapo ni kulazwa, na uchungu wa kujifungua unaweza kuanza kabla ya wakati.