Sado si kilo

Juzi kwenye kikoba nimeambiwa tena: "Dada, supamaketi ni ya wenye hela, sisi wa sokoni." Kazi yangu ni kununua vyakula vya bweni hapa Dar es Salaam, na kauli hii imenichosha, maana anayeitoa karibu kila mara analinganisha bei ya sado na bei ya kilo.

Sado inapima ujazo, haipimi uzito. Muuzaji akimimina mchele taratibu na kuukata juu kwa kiganja, sado inaonekana imejaa. Itikise kidogo tu, mchele unashuka na nafasi inabaki juu. Kuna na sado zilizobonyezwa kitako kikaingia ndani. Kwa nje huoni kitu, ila ukipitisha mkono ndani kabla hajamimina, unagusa kinundu. Kwa hiyo mimi hutembea na mizani ndogo ya kuning'iniza, na mchele naupima ukiwa kwenye mfuko.

Safari moja nilipima sado ya shilingi 9,500, ikatoka kilo 3.1. Hiyo ni karibu 3,065 kwa kilo. Supamaketi, mfuko wa kilo 5 ulikuwa 15,000, yaani 3,000 kwa kilo. Soko likawa ghali, na ni mchele wa daraja lile lile.

Hapo watu hunijibu, "Basi twende jumla." Haya. Gunia la kilo 25 lilikuwa 67,500, sawa na 2,700 kwa kilo. Ongeza bodaboda 5,000, inakuwa 2,900. Bado ni nafuu, lakini nyumba inayokula kilo 15 kwa mwezi itakaa na gunia hilo hadi mwezi unaofuata. Wadudu wakiingia ukatupa kilo 2, umelipa 72,500 kwa kilo 23, na kila kilo imekugharimu zaidi ya 3,150. Jumla ndiyo imekuwa ghali kuliko zote. Gunia hilo gawaneni na jirani siku ile ile, na nauli mchangie.

Mafuta ya kula yana mtego wake. Dumu moja limeandikwa lita 5, jingine kilo 5, na bei zinakaribiana. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la kilo 5 lina karibu lita 5.4. Soma lebo kabla ya bei.

Nyanya, vitunguu na mboga nunua sokoni, sina la kubishana.

Kinachonishinda hadi leo ni chenga. Mchele wa sokoni naupepeta, na zinazotoka nawapikia watoto uji. Je, nizihesabu kama hasara au kama chakula? Nimejaribu njia zote mbili kwenye daftari langu, na kila njia inampa ushindi muuzaji mwingine.