Kahawa chachu, kahawa chungu: maswali kutoka nyanda za juu kusini

Shikamoo mama. Nakaa Uyole. Kahawa yangu ya Mbozi ni chachu kama ndimu, na mama mkwe anasema itanipa vidonda vya tumbo. Maji natoa kwenye chupa ya chai.

Marahaba, mwanangu. Vidonda vya tumbo kwa kawaida huletwa na bakteria anayekaa kwenye ukuta wa tumbo, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki. Kahawa, hata ikiwa chachu hivyo, ina asidi ndogo kuliko juisi ya machungwa. Ila inaweza kuamsha kiungulia, na mwenye vidonda tayari huenda ikamzidishia maumivu. Huyo aipunguze, na akiona choo cheusi kama lami aende hospitali siku hiyo hiyo.

Uchachu wako naona umetoka kwenye hiyo chupa. Maji yakikutana na kahawa, huanza kutoa asidi, kisha utamu, na uchungu hufuata mwishoni. Maji yakiwa vuguvugu, au muda ukiwa mfupi, unapata ile asidi na utamu unabaki kwenye machicha. Na sisi huku tuna jambo letu: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama ya Dar es Salaam. Yakishinda kwenye chupa tangu alfajiri, halafu yakamiminwa kwenye kikombe cha baridi, hayana nguvu tena. Wanaokwambia uyaache maji yapoe kidogo kabla ya kumimina wanasema ya pwani. Huku, mimina yakiwa bado yanatokota.

Fanya hivi kesho: suuza kikombe kwa maji ya moto, weka vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa (gramu 15 hivi), mimina robo lita ya maji yanayochemka, koroga, funika dakika 4, chuja. Ikibaki chachu, usiongeze kahawa. Isage laini zaidi, hatua moja tu, uonje tena.

Mimi niko Mafinga. Yangu ni chungu mpaka naweka vijiko vitatu vya sukari. Birika linakaa kwenye jiko la mkaa asubuhi nzima.

Kabla hujalaumu chochote, chukua nusu kikombe, ongeza maji ya moto kidogo, onja. Uchungu ukipungua na ladha ikawa nzuri, basi ulizidisha kahawa tu, ilikuwa nzito. Lakini kama inakuwa nyepesi na bado ulimi unakauka na kushika, ule ukakasi wa ndizi mbichi, hapo maji yamekamua mpaka yasiyotakiwa. Ukakasi ndio dalili ninayoiamini kuliko zote, maana uchungu kidogo ni wa kahawa yenyewe.

Dawa yake ni kuitenga kahawa na machicha. Ikifika dakika 4, chuja yote uihifadhi kwenye chupa ya chai safi. Hapo ndipo chupa inafaa. Birika lenye machicha likiendelea kutokota linakamua bila kukoma. Nakuomba sana uanzie hapo, kwa sababu vijiko vitatu vya chai ni karibu gramu 12 za sukari kwa kikombe, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Vikombe viwili tu umeshakaribia kuzimaliza hizo 25, kabla ya chai ya jioni.

Ya kwangu ni chachu na chungu kwa pamoja. Natwanga kwenye kinu.

Chota kidogo uisugue kati ya vidole. Utaona unga umeganda kwenye mistari ya ncha za vidole, na katikati yake vipande vikubwa kama chenga za mchele. Ule unga unakamuliwa kupita kiasi huku zile chenga hazijaiva, na vyote viko kikombe kimoja. Kubadilisha muda hakutasaidia: ukiurefusha uchungu unazidi, ukiufupisha uchachu unazidi. Pitisha kwenye chekeche la unga, zile chenga uzirudishe kinuni, na twanga kidogo kidogo badala ya kujaza kinu.

Ukishafanya haya yote na ladha isibadilike, rudi kwenye buni yenyewe. Iliyoungua kwenye kikaango hunuka majivu kabla hata haijaguswa na maji, na iliyochachuka vibaya shambani hunuka siki. Hizo mbili hakuna maji wala dakika zitakazozitengeneza. Nunua nyingine, na safari hii unuse kwanza kabla ya kulipa.