Mabaka kwenye majani ya monstera: tazama ukingo kabla ya kununua dawa ya ukungu

Dhana: Mabaka yakitokea siku chache baada ya mmea kutolewa nje, umepata ukungu.

Ukweli: mara nyingi ni jua. Chukua monstera iliyokaa miezi mingi kwenye kona ya sebule huko Arusha, kisha ikahamishiwa kwenye baraza linalotazama magharibi. Jani lililokulia kivulini ni jembamba na limezoea mwanga kidogo. Likipigwa na jua la saa nane mchana hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, rangi yake ya kijani huharibika na joto huua sehemu iliyopigwa. Ndani ya siku moja hadi tatu sehemu hiyo hupauka na kuwa nyeupe au ya manjano hafifu, halafu hukauka ikawa ya kahawia nyepesi, nyembamba kama karatasi.

Sasa fuatilia ukingo wa baka. Baka la jua huishia pale kivuli kilipoanzia. Kama jani la juu lililala juu ya jani la chini, utakuta sehemu iliyofunikwa bado ni ya kijani, na mpaka wake unafanana na umbo la jani lililoikinga. Rudisha mmea ulivyokuwa umekaa, usubiri saa ileile ya jua kali, uone kama mstari wa kivuli unakaribiana na mstari wa baka. Hautalingana sawasawa, kwa sababu kivuli husogea kadiri jua linavyosogea, lakini upande utakuwa uleule. Majani yaliyogeukia ndani ya nyumba huwa mazima.

Doa la ukungu halijali kivuli. Huanzia kwenye nukta moja na kutanuka pande zote, kwa hiyo huelekea kuwa la mviringo, na pengine lina duara ndani ya duara. Ukingo wake mara nyingi ni mstari wa kahawia iliyokolea, na nje yake kuna utepe wa njano. Utalikuta hata kwenye jani lililofunikwa na jingine, na mara nyingi huanzia majani ya chini ambako unyevu hukaa muda mrefu, hasa wakati wa masika. Katikati ya doa, ukikuza picha kwa kamera ya simu, unaweza kuona vidoadoa vyeusi vidogo sana.

Dhana: Ukiona njano kuzunguka doa, hakuna mjadala, ni ukungu.

Ukweli: hata baka la jua linaweza kuwa na njano pembeni, pale mwanga ulipoumiza bila kuua. Tofauti ni kwamba njano hiyo haina upana mmoja: upande mmoja ni pana, upande mwingine haipo kabisa. Ya ukungu hulizunguka doa kwa upana unaokaribia kuwa sawa. Na doa lenye pembe, lililobanwa na mishipa ya jani na linaloonekana limelowa, linaelekeza zaidi kwenye bakteria. Hapo dawa ya ukungu kama mankozebu haitafaa.

Dhana: Mmea umekaa baraza hilohilo mwaka mzima, kwa hiyo si jua.

Ukweli: Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Baraza la kusini lililokuwa na kivuli Juni linaweza kupigwa jua Desemba bila mtu kusogeza chungu.

Dhana: Matone ya maji ndiyo yaliyounguza jani.

Ukweli: kwenye jani laini lisilo na manyoya, kama la monstera, tone hukaa karibu mno na jani kuweza kukusanya mwanga wa kuunguza. Maji yanayobaki juu ya majani usiku kucha husaidia ukungu, na hiyo ndiyo sababu ya kumwagilia kwenye udongo.

Ukibaki na shaka, rudisha mmea kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Chora kwa kalamu ya wino mstari mwembamba juu ya ukingo wa mabaka mawili au matatu, bila kukwaruza jani, kisha subiri siku saba hadi kumi. Baka la jua litabaki ndani ya mstari, ingawa rangi inaweza kukolea siku za mwanzo. Doa la ukungu litauvuka, au madoa mapya yatatokea kwenye majani mengine.

Fanya jaribio hili mapema. Baka la jua likikaa wiki nyingi, ukungu unaoishi kwenye vitu vilivyokufa huweza kuota juu yake, na vidoadoa vyeusi utakavyoviona hapo havithibitishi kwamba ugonjwa ndio ulioanza. Katika hali hiyo amua kwa umbo la baka na mahali lilipo kwenye mmea. Jani lililoungua lakini lina kijani kingi liache, bado linalisha mmea. Lenye ukungu unaosambaa likate na ulitoe kabisa karibu na chungu.