Hipsi Zilizopimwa Mbali: Fundi wa Moshi na Mteja Wake wa Kwanza wa Mtandaoni

Fundi mwenye cherehani yake jirani na soko la Mbuyuni, Moshi, anaweza kushona miaka mingi bila kujua kwamba nusu ya kazi yake hufanywa na mikono yake wakati wa kupima. Mteja akisimama mbele yake, fundi hashiki tepu tu. Anaishusha mpaka inapokaa penye unene, anaona bega moja limelala, anamwambia mteja aache kuvuta tumbo. Siku anayoanza kupokea oda kwa WhatsApp, hayo yote anayafanya mteja, tena peke yake, mbele ya kioo. Ndiyo maana oda ya kwanza ya mtandaoni huleta ugomvi hata kwa fundi hodari, na ndiyo maana nataka tuifuate moja kwa ukaribu.

Mteja yuko Dodoma. Anataka gauni refu la kitenge la kuvaa kwenye sendofu ya mdogo wake Jumamosi, mshono wa mkia wa samaki, zipu ya kujificha mgongoni, bitana ndani. Amelipa nusu kwa M-Pesa na kutuma vipimo: kifua 38, kiuno 32, hipsi 42, urefu kutoka begani 56. Kwa macho, hakuna kasoro. Ni mwili wa kawaida kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu namba mbaya inayofanana na namba nzuri haishtui mtu. Fundi akaongeza inchi 3 kifuani na 2 kwenye hipsi ili mtu apumue na kukaa, akakata, akashona, akatuma kwa basi. Gauni likafika Jumatano.

Jioni hiyo ukaingia ujumbe wa sauti, kisha maandishi: "Fundi, umeniharibia shughuli. Zipu haipandi, kiunoni limejikunja, na tena ni fupi! Nirudishie hela yangu."

Malalamiko matatu. Fundi asiyezoea atayashika yote matatu: atatafuta namna ya kupanua kiuno, ya kurefusha pindo na ya kubadili zipu. Mimi nashauri asishike hata moja kabla ya kuona picha tatu za gauni likiwa mwilini: mbele, ubavuni na mgongoni, mteja amesimama wima na mikono imeshuka. Fundi wetu alijibu hivyo, kwa adabu, bila kujitetea: "Pole sana dada yangu. Naomba uivae hivyo hivyo ilivyo, unipigie picha tatu, nione tatizo liko wapi. Jambo hili tutalimaliza."

Picha zilisema wazi. Zipu ilikuwa imekwama kiganja kimoja chini ya kiuno, si kifuani. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimevutika kwa mistari ya kulala kutoka ubavu mmoja hadi mwingine usawa wa hipsi. Juu ya mistari hiyo, kiunoni, kitambaa kilikuwa kimejaa na kukunjana. Ukiona mistari ya kulala imevutika, hapo ndipo panapobana, na mikunjo iliyolegea juu yake ni kitambaa kilichokosa pa kwenda. Gauni likibana hipsi haliwezi kushuka mahali pake. Linapanda, linajikusanya kiunoni, na pindo linapanda nalo, kwa hiyo mvaaji anaona fupi. Malalamiko ni matatu lakini sababu ni moja. Fundi angerefusha pindo, gauni lingeburuza chini siku ambayo hipsi zitafunguliwa.

Sasa kosa ni la nani? Swali hili halijibiwi kwa maneno, linajibiwa kwa tepu. Gauni linavuliwa, zipu inafungwa, linalazwa juu ya meza bila kuvutwa, na upana wake unapimwa kutoka mshono wa ubavu hadi mshono wa ubavu, inchi 8 chini ya kiuno. Mteja alipata 22, yaani 44 kwa mzunguko, sawasawa na 42 yake pamoja na 2 alizoongeza fundi. Gauni lilikuwa limeshonwa sawa na vipimo vilivyotumwa. Kabla ya kusema hivyo, hata hivyo, fundi alitaka kuhakikisha tepu ya mteja haidanganyi. Tepu za plastiki hurefuka zikivutwa kila siku, na iliyorefuka husoma pungufu. Njia rahisi ni karatasi ya A4, ambayo upande wake mrefu ni sentimita 29.7 popote duniani, karibu inchi 11 na robo tatu. Mteja akailaza tepu pembeni ya karatasi, ikasoma sawa.

Ikabaki kuuliza alipima wapi. "Hapa kwenye mifupa ya nyonga," akajibu, na picha ikaonyesha tepu imekaa inchi 4 tu chini ya kiuno. Hapo si hipsi za fundi. Kwa wanawake wengi sehemu nene kabisa iko chini zaidi, inchi 7 hadi 9 kutoka kiunoni, usawa wa makalio. Alipoishusha tepu polepole huku akisoma namba mpaka ikaacha kuongezeka, alipata 45. Gauni la mzunguko wa 44 kwenye mwili wa 45, na kitenge hakivutiki. Zipu isingepanda kwa vyovyote.

Hapa mteja mgumu huwa mgumu zaidi, maana anahisi ameambiwa kosa ni lake. Kwa maoni yangu, fundi asimwambie. Namba zote ziko mezani na mtu mzima anaona mwenyewe. Kinachomtuliza ni jibu la swali analouliza kweli moyoni: nitavaa nini Jumamosi?

Jibu lilikuwa ndani ya mshono. Fundi alikuwa ameacha inchi 1 nzima ya kitambaa nje ya mstari wa uzi kwenye kila ubavu, mbele na nyuma, akapiga ovaloki ukingoni bila kuruhusu kisu cha mashine kula kitambaa. Kingo ni 4. Ukitoa 5/8 ya inchi kila ukingo unapata inchi 2 na nusu, na unabaki na 3/8 ya kushikilia mshono. Mzunguko unakuwa 46 na nusu, yaani nafasi ya inchi moja na nusu juu ya mwili. Si nyingi. Mtu akikaa hipsi hutanuka, kwa hiyo atakaa kwa kujibana kidogo, na fundi alimwambia hivyo mapema. Lakini kwa mkia wa samaki inatosha kusimama, kutembea na kucheza. Fundi anayeacha nusu inchi tu, kama tunavyoona kwa nguo za haraka, asingepata hata inchi moja ya kuokoa.

Kurudisha gauni Moshi kungekula Alhamisi yote njiani na Ijumaa yote kurudi, na basi likichelewa hakuna gauni. Kwa hiyo ilibidi kazi ifanywe na fundi wa karibu na mteja, kwa gharama ya fundi wa Moshi. Maelekezo aliyomwandikia ni mafupi, ila kila neno lina sababu. Fungua mshono wa ubavu kuanzia inchi 3 chini ya kiuno hadi gotini, pande zote mbili. Chora mstari mpya kwa chaki: 5/8 nje usawa wa inchi 8 chini ya kiuno, kisha urudi taratibu kwenye mshono wa zamani juu na chini. Ukirudi ghafla, ubavuni panatokea nundu kama limao limefichwa ndani. Usiguse kiuno wala pindo. Piga pasi ya mvuke kwenye alama za mshono wa zamani ndipo ushone, kwa sababu matundu ya sindano kwenye pamba hujifunga yakipata mvuke. Kwenye satini yangebaki, na hapo kutoa mshono si njia ya kutegemea.

Jambo ambalo wengi husahau ni bitana. Ukipanua kitenge ukaacha bitana ilivyo, gauni litabana vilevile na kila mtu atashangaa. Bitana yake ilikuwa na nusu inchi tu ya akiba, haikutosha kutoa. Dawa ni kufumua ubavu wa bitana kuanzia usawa wa hipsi kwenda chini, kukunja kingo zake nyembamba na kuziacha wazi kama mpasuo. Haionekani nje, na mtu akikaa anapata nafasi kidogo.

Alhamisi jioni picha ilifika. Mistari ya kulala imeondoka, kiuno kimetulia, na pindo limeshuka mpaka juu ya kisigino bila kuongezwa kitu. Mteja aliandika: "Limekaa, fundi. Ila hela ya usumbufu?" Walikubaliana malipo yaliyobaki yapunguzwe kwa kiasi kile ambacho fundi wa Moshi alimlipa yule wa Dodoma. Ningekuwa mimi nisingetoa tena, kwa kuwa marekebisho yenyewe yalikwishalipiwa na fundi, lakini naelewa kwa nini alikubali: hakuwa ameandika popote, kabla ya kukata, nani atabeba gharama kipimo kikikosewa.

Kwa oda inayofuata, hiki ndicho ningemwomba abadili. Asipokee hipsi kwa namba moja. Mteja afunge uzi kiunoni, pale mwili unapokunjika akiinama ubavuni, kisha apime inchi 4 chini ya uzi na inchi 8 chini yake, atume zote mbili na picha ya ubavuni tepu ikiwa imelala sawa. Namba mbili zikifanana, muulize tena kabla ya kugusa mkasi. Urefu nao uje kwa vipande, begani hadi kiunoni na kiunoni hadi chini, pamoja na urefu wote. Vipande vikizidi jumla kwa inchi moja na nusu, mara nyingi kipande cha juu kimepitia juu ya matiti na urefu wote umepimwa mgongoni. Mwambie arudie vyote kwa mbele. Mwisho aombe sketi au gauni la kitambaa kisichovutika ambalo mteja hulivaa kwa raha, lilazwe mezani na kupimwa usawa wa hipsi. Upana huo mara mbili ukiwa mdogo kuliko hipsi alizotuma, au ukizizidi kwa zaidi ya inchi 3 wakati nguo yenyewe si pana, usikate. Mpigie simu ya video, apime tena ukimwona.